Wahudumu wangapi saa nne asubuhi? Kukadiria simu na kupanga zamu kwenye kituo cha huduma kwa wateja

Kila bajeti ikifika, meneja wa kituo cha simu huulizwa swali lile lile: unahitaji watu wangapi? Naye hujibu kwa namba moja ya mwezi mzima, kwa mfano wahudumu 60. Tatizo ni kwamba wateja hawapigi kwa mwezi. Wanapiga Jumatatu saa nne asubuhi, siku tatu baada ya mishahara kuingia, wote kwa pamoja, halafu saa tisa usiku hapigi mtu. Kituo kinaweza kuwa na watu wa kutosha kwa mwezi na bado kila siku kikawa na saa mbili za foleni ndefu na saa tatu za watu kukaa bila kazi. Ndiyo maana hesabu ya watu huanzia kwenye nusu saa, kisha ndipo hupanda hadi siku, wiki na bajeti.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kituo cha Dar es Salaam kinachohudumia wateja wa pesa za mtandao. Wateja wake wanapiga kwa sababu zinazojulikana: mtu kakosea namba ya kutumia pesa, muamala umekatwa lakini haujafika, namba ya siri imefungwa, wakala hana salio. Namba nitakazotumia ni za mfano. Wewe weka za kituo chako, hatua hazibadiliki.

Safisha data kabla ya kukadiria

Toa kwenye mfumo wa simu ripoti ya kila nusu saa, kwa miezi mitatu angalau, na miaka miwili kama unayo. Unahitaji safu nne: simu zilizoingia kwenye foleni, zilizopokelewa, zilizokatwa na mteja kabla ya kupokelewa, na wastani wa muda wa kuhudumia simu moja. Huo muda ni jumla ya mazungumzo, muda mteja aliowekwa asubiri katikati ya mazungumzo, na muda mhudumu anaotumia kuandika kumbukumbu baada ya simu kukatika. Wengi husahau kipande hicho cha mwisho, kumbe sekunde 40 za kuandika ni sekunde 40 ambazo mhudumu hawezi kupokea simu nyingine.

Kosa la kwanza, na ndilo linalorudiwa kuliko yote, ni kukadiria kwa kutumia simu zilizopokelewa. Kama mwezi uliopita ulikuwa na watu 20 saa nne asubuhi, basi zilizopokelewa ni zile tu ambazo watu 20 waliweza kuzipokea. Ukikadiria kwa namba hiyo, makadirio yatakuambia unahitaji watu 20. Umepima rota yako ya zamani, mahitaji ya wateja hukuyagusa.

Tumia zilizoingia, lakini nazo usizichukue kama zilivyo. Foleni ikiwa ndefu, mteja hukata na kupiga tena. Siku mfumo wa miamala umekwama, unaweza kuona simu 420 ndani ya nusu saa, ukichambua namba za wapigaji ukakuta ni wateja 260. Simu nyingine zote ni marudio. Kanuni inayofanya kazi vizuri ni hii: simu iliyokatwa kabla ya kupokelewa, kisha namba hiyo hiyo ikapiga tena ndani ya saa moja, iondoe kwenye hesabu. Simu iliyopokelewa usiiondoe hata kama mteja alirudi baadaye, kwa sababu ile ilikuwa kazi halisi iliyofanywa na mtu halisi.

Kuna upande wa pili ambao ni mgumu zaidi kuuona. Simu zinaweza kuwa pungufu kwenye ripoti kwa sababu laini zimejaa. Tuseme kituo kina laini 60, wahudumu 29 wanaongea, na wateja wengine 31 wapo kwenye foleni au wanasikiliza menyu ya sauti. Mteja wa 61 anasikia mlio wa laini kutumika, na mfumo wa foleni haujui kabisa kwamba alipiga. Dalili yake iko kwenye grafu: kilele cha asubuhi badala ya kuchongoka kinabapa kama meza, siku baada ya siku, kwenye idadi ile ile. Ukiona hivyo, omba kwa kampuni inayokupa laini ripoti ya simu zilizokataliwa. Ukiajiri watu kabla ya kuongeza laini, utashangaa mwenyewe simu zitakavyozidi makadirio.

Siku zenye hitilafu, kama mfumo kuzimika au ujumbe wa matangazo kutumwa kwa wateja wote kwa mpigo, usizifute. Ziwekee alama na uandike sababu. Kwenye hesabu ya siku za kawaida, weka mahali pake thamani ya katikati ya siku tano safi za jina hilo hilo: Jumanne mbovu ichukue thamani ya katikati ya Jumanne tano. Ile ya kweli ibaki kando, maana mfumo utazimika tena na utataka kujua ilikuwaje.

Kalenda ipi inaendesha simu zako

Mpangilio wa simu una tabaka tatu zinazozidishana: jina la siku, mahali siku ilipo kwenye mzunguko wa mshahara, na nusu saa ndani ya siku. Zitenganishe, kila moja uipe kigezo chake.

Jina la siku ni rahisi. Chukua wiki sita safi, tafuta wastani wa siku, kisha gawanya wastani wa kila Jumatatu kwa wastani huo. Ukipata 1.15, maana yake Jumatatu ina simu asilimia 15 zaidi ya siku ya kawaida.

Mshahara ndio unaochanganya watu, kwa sababu wanaufuata kwa tarehe. Tarehe 25 mwezi huu ni Jumatano, mwezi ujao ni Jumamosi na mishahara imeingia Ijumaa. Ukikokotoa wastani wa tarehe 25 kwa miezi sita, unachanganya siku ya mshahara na siku isiyo ya mshahara, na kigezo kinakuwa butu. Jenga badala yake safu inayohesabu siku tangu mshahara uingie: siku yenyewe ni sifuri, kesho yake ni moja, na kuendelea. Watumishi wa serikali na wa kampuni binafsi hawalipwi siku moja, kwa hiyo kituo cha pesa za mtandao mara nyingi huona mawimbi mawili kwa mwezi, la pili likiungana na siku za kodi ya nyumba. Rekodi siku halisi pesa zilipoingia. Idara ya fedha ya kampuni yako huijua, na hata simu zenyewe zitakuonyesha.

Ramadhani inataka kalenda yake. Inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida, kwa hiyo kulinganisha Machi na Machi iliyopita kunakudanganya. Linganisha siku ya tano ya Ramadhani na siku ya tano ya Ramadhani iliyopita. Hata sura ya siku hubadilika: simu hushuka karibu na futari, mnamo saa 12 na nusu jioni kwa Dar es Salaam, kisha hupanda tena usiku na kuchelewa kutulia. Na kwa kuwa Idd inategemea mwandamo, andaa rota mbili, moja ya mwezi wa siku 29 na nyingine ya siku 30, na uwaambie wahudumu zote mbili mapema. Kungoja tangazo usiku ndipo upange nani aje kesho ni kumuonea mtu aliyepanga kuswali Idd na watoto wake.

Sasa hesabu. Tuseme wastani wa siku ni simu 3,000. Tunakadiria Jumatatu, siku tatu baada ya mshahara, ambayo kigezo chake ni 1.20. Jumatatu yenyewe ni 1.15. Kwa hiyo 3,000 × 1.15 × 1.20 = simu 4,140 kwa siku hiyo. Nusu saa ya saa 4:00 hadi 4:30 asubuhi hubeba asilimia 4.35 ya simu za siku, na 4,140 × 0.0435 ni simu 180.

Hiyo asilimia 4.35 ichukue kwenye siku zilizofuata mshahara, usiichukue kwenye siku za kawaida. Siku za mshahara watu hutuma pesa hadi usiku, na ukitumia sura ya siku ya kawaida utaweka watu wengi mno asubuhi na kuumia saa mbili usiku.

Kabla hujalaumiwa kwa makadirio, jua pia kiasi cha mtikisiko ambacho hakuna anayeweza kukikadiria. Simu zinazokuja bila kupangana hutikisika kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi yake. Kwa simu 180, kipeuo hicho ni kama 13, kwa hiyo nusu saa ya simu 155 au 205 bado ni kawaida kabisa. Usiku wa manane, ukikadiria simu 16, unaweza kupata 8 au 24 bila kosa la mtu yeyote. Anayedai usahihi wa asilimia tano kwenye kila nusu saa ya usiku anadai kisichowezekana.

Kutoka simu hadi watu

Simu 180 zenye wastani wa sekunde 240 ni sekunde 43,200 za kazi. Nusu saa ina sekunde 1,800. Gawanya, unapata 24. Huo ndio mzigo: kazi ya kuwajaza watu 24 bila kupumua hata sekunde moja. Kipimo hiki huitwa Erlang, kwa jina la Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmaki aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Kopenhageni na kuchapisha kanuni ya muda wa kusubiri mwaka 1917. Ndiyo inayotumika hadi leo.

Kwa nini watu 24 hawatoshi? Kwa sababu wateja hawaji kwa mstari, mmoja akitoka mwingine anaingia. Wanakuja watano kwa pamoja, kisha kimya sekunde kumi. Kila dakika mhudumu anayokaa bila simu imepotea na haiwezi kuwekwa akiba kwa wale watano wanaofuata. Kwa watu 24 kamili, foleni hukua tu.

Lengo linalotumika sana ni asilimia 80 ya simu zipokelewe ndani ya sekunde 20. Unaweza kulihesabu kwenye Excel bila programu ya kununua. Weka simu kwenye B1, sekunde za kuhudumia kwenye B2, mzigo B3, watu B4, na sekunde za lengo B5, kisha:

```
B3: =B1*B2/1800
B6: =POISSON.DIST(B4,B3,FALSE)/(POISSON.DIST(B4,B3,FALSE)+(1-B3/B4)*POISSON.DIST(B4-1,B3,TRUE))
B7: =1-B6*EXP(-(B4-B3)*B5/B2)
```

B6 inakupa uwezekano wa mteja kusubiri, na B7 ni sehemu ya simu zitakazopokelewa ndani ya lengo. Ukiweka 180, 240, watu 29 na sekunde 20, B6 itasoma 0.24 na B7 0.84. Ikikupa kitu kingine, kuna mabano umeyakosea.

Badilisha B4 peke yake uone kinachotokea. Watu 25 wanakupa asilimia 28, na mteja anasubiri wastani wa dakika tatu. Watu 26 ni asilimia 49. Watu 27, asilimia 65. Watu 28, asilimia 76. Watu 29, asilimia 84. Watu 30, asilimia 90. Jibu letu ni 29, lakini angalia zaidi ule mteremko: kutoka 25 hadi 26, mtu mmoja tu ameongeza asilimia 21, na wastani wa kusubiri umeshuka kutoka dakika tatu hadi sekunde 72. Kutoka 29 hadi 30 ameongeza sita. Hii ndiyo sababu msimamizi wa zamu anaposema "mmoja tu kachelewa, hakuna shida", inategemea yuko wapi kwenye mteremko huo.

Muda wa kuhudumia una nguvu hiyo hiyo. Acha watu 29 na simu 180 vilevile, ongeza sekunde 20 tu kwa kila simu, labda kwa sababu skrini mpya ya kurudisha muamala inapakia polepole. Mzigo unapanda kutoka 24 hadi 26, na huduma inaanguka kutoka asilimia 84 hadi 63. Simu hazijaongezeka hata moja. Kwa hiyo kadiria muda wa kuhudumia kwa uangalifu ule ule unaoupa idadi ya simu: kwa nusu saa, kwa aina ya simu, na kwa kundi la wahudumu. Darasa jipya la wahudumu wanaoanza kazi wiki ya mshahara litakupandishia wastani huo wakati mbaya kuliko wote.

Kanuni hii ina mpaka wake. Inachukulia kwamba hakuna mteja anayekata simu, wote wanangoja hadi mwisho. Ukiwa na watu wa kutosha, kasoro hiyo ni ndogo. Ukiwa na upungufu mkubwa, inatabiri foleni ndefu kuliko itakayokuwepo kweli, maana wengi watakata, na watu wakiwa sawa au pungufu ya mzigo haitoi jibu lolote la maana. Itumie kujua watu unaohitaji, usiitumie kueleza maafa ya jana.

Watu 29 kwenye simu ni watu wangapi kwenye orodha

Hao 29 ni waliokaa kitini wakiwa tayari kupokea. Hapa kuna pengo mbili, nami naona ni vizuri kuzitenganisha badala ya kuzibandika asilimia moja.

Pengo la kwanza ni la walio kazini lakini hawapo kwenye simu. Mapumziko mawili ya dakika 15 kwenye saa nane za kazi ni zaidi kidogo ya asilimia 6. Vikao na mafunzo mafupi na msimamizi, asilimia 5. Kuchelewa kuingia kwenye mfumo, vifaa vya masikioni kuharibika na kompyuta kuwaka upya, asilimia 4. Jumla ni kama 15. Pengo la pili ni la wasiokuwepo kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa likizo ya siku 28 kwa mwaka, ambayo ni karibu asilimia 8. Ongeza ugonjwa, misiba na dharura asilimia 6, upate 14. Hizi za ugonjwa na vikao pima kwako, zinatofautiana sana.

Sasa gawanya: 29 ÷ 0.85 ni 34.1, kwa hiyo watu 35 wawe zamu. Kisha 35 ÷ 0.86 ni 40.7, kwa hiyo 41 wapangwe kwenye orodha ya kipindi hicho. Wengi hapa huzidisha: wanajumlisha 15 na 14, wanapata 29, wanaongeza asilimia 29 juu ya watu 29 na kufika 38. Jaribu kurudi nyuma uone. Watu 38 × 0.86 × 0.85 ni 27.8. Hujafika hata 28, na huduma imeshuka chini ya asilimia 76. Kwenye karatasi watu wanatosha na kwenye foleni hawatoshi. Kosa lenyewe ni la kuzidisha mahali pa kugawanya.

Saa ya chakula sikuiweka kwenye asilimia hizo, kwa makusudi. Chakula hakisambai sawasawa siku nzima, kinaangukia mchana. Kinapangwa kwa saa yake kwenye zamu.

Zamu zinazopanda pamoja na simu

Tuchukue asubuhi ya Jumatatu ile. Mahitaji ya watu kitini ni 12 saa moja asubuhi, 20 saa mbili, 26 saa tatu, na 29 saa nne na saa tano. Ukigawanya kwa 0.85 unapata watu 15, 24, 31, 35 na 35 wa kuwepo zamu. Mtindo wa zamu tatu za kufanana, wote waingie saa moja, unaleta watu 35 mahali panapohitaji 15. Ishirini wanakaa saa nzima wakisubiri simu, halafu jioni unaambiwa bajeti haitoshi.

Badala yake panga kuingia kwa ngazi: 15 waingie saa moja, 9 saa mbili, 7 saa tatu, 4 saa nne. Ukijumlisha kila hatua unapata 15, 24, 31, 35, sawasawa na mahitaji.

Ugumu unaanza mchana. Sheria inamtaka mtu anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko ya dakika 60 angalau. Wale 15 wa saa moja wanafikisha saa tano saa sita mchana, wote kwa pamoja. Saa sita mahitaji ni 25 kitini, yaani 30 zamu. Una 35. Wanaoweza kutoka ni watano tu, na kumi wanabaki na njaa au foleni inabaki bila watu. Kuwatoa saa tano haiwezekani, ndiyo kilele. Ufumbuzi ni zamu ya pili kuanza saa sita mchana, mapema kuliko wengi wanavyoiweka, na watu kumi. Sasa una 45, unahitaji 30, na wale 15 wanakwenda kula bila foleni kutikisika. Saa saba wanafuata wale 9 wa saa mbili. Wanabaki 36, mahitaji ni 22 kitini yaani 26, na una watu kumi wa ziada. Hapo ndipo pa kuweka mafunzo na vikao, na hutakuwa na sababu ya kumtoa mtu saa nne asubuhi aende kusikilizwa simu zake.

Kwa Ijumaa, anza na wanaokwenda msikitini. Sala ya Ijumaa ina wakati wake na haisogezwi, chakula cha wengine kinasogea. Ukipanga kinyume, utaishia kuomba ruhusa za mdomo saa sita na nusu, na rota haitalingana tena na kilichopo ukumbini.

Jioni unarudia hesabu ile ile. Saa kumi wale 15 wa kwanza wanaondoka, wakati kilele cha pili kinapanda, na wale kumi walioingia saa sita lazima wale kabla ya kupitisha saa 11. Wanaoingia saa nane na saa tisa ndio wanaoziba pengo hilo. Wengi huwasahau kwa sababu saa nane mchana simu ni chache na hakuna anayeona haja yao.

Ukiunganisha siku na siku, angalia mipaka mitatu: kawaida saa 45 kwa wiki, saa 12 za kupumzika mfululizo kati ya zamu na zamu, na saa 24 za mapumziko kila wiki. Ule wa saa 12 ndio unaovunjwa bila watu kujua. Anayetoka saa sita usiku hawezi kurudi kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo zungusha zamu kwenda mbele, asubuhi kisha mchana kisha usiku, na baada ya usiku iwepo siku ya kupumzika kabla ya asubuhi. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara, iingize kwenye bajeti. Usafiri wa kurudi nyumbani usiku nao usiuache kwa mhudumu. Zamu inayoisha saa tano usiku isiyo na gari la kampuni hukosa watu kuanzia saa nne, kila mtu akiwahi daladala ya mwisho, na ripoti itaonyesha foleni ambayo sababu yake haimo kwenye simu.

Kupata idadi ya kuajiri, jumlisha watu wa kila siku kwa wiki nzima na ugawanye kwa siku anazofanya kazi mtu mmoja. Wiki ikihitaji zamu 265 na kila mtu anafanya siku tano, ni watu 53.

Kwenye rota andika saa kwa namna zote mbili, 07:00 na saa 1 asubuhi. Mfumo unasoma ya kwanza, watu wanasoma ya pili, na "saa 1" iliyotumwa peke yake kwenye kundi la WhatsApp imeshawaleta watu usiku.

Siku yenyewe ikifika

Ukikagua makadirio, kagua kwa nusu saa. Siku inaweza kukadiriwa simu 4,140 na zikaja 4,150, ukapongezwa, kumbe saa nne zilikuja 215 badala ya 180 na mchana zikapungua. Jumla imeficha makosa mawili yanayofutana. Chukua tofauti ya kila nusu saa bila kujali ni juu au chini, jumlisha, gawanya kwa simu zote zilizokuja. Angalia pia kama tofauti zinaelekea upande mmoja: kila Jumatatu juu kidogo, wiki nne mfululizo, ni kigezo kimepitwa na wakati, na kinahitaji kubadilishwa wiki hii hii.

Asubuhi hiyo, ifikapo saa tatu na nusu, linganisha simu zilizokuja na zilizotarajiwa hadi wakati huo. Zikizidi kwa asilimia 20, usipandishe siku nzima kwa 20 moja kwa moja. Kwanza soma sababu za simu. Kama ni hitilafu ya mfumo, weka tangazo kwenye menyu ya sauti kwamba tatizo linajulikana, wengi watakata wenyewe na wimbi litapita hitilafu ikiisha. Kama ni miamala ya kawaida iliyozidi, basi siku nzima itakuwa juu: ahirisha vikao vya saa saba, sogeza mapumziko mafupi kwa nusu saa, na waulize mapema wanaoweza kubaki muda wa ziada jioni. Huo muda nao una kikomo cha saa 50 ndani ya wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Weka hesabu yake kwa kila mtu mahali msimamizi wa zamu anapouona. Akikosa kuuona, atamwomba mtu yule yule asiyejua kukataa, na wiki ya pili ya mshahara huyo ndiye atakayeugua.